Kujitoa udhamini: barua inayosimamisha deni, si inayolifuta

"Shikamoo mwalimu," ofisa mikopo alisema, akiinuka kidogo kitini.

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta barua ya kujitoa."

Barua ilikuwa na mistari mitatu. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi niliyetajwa nimejitoa kumdhamini rafiki yangu kuanzia leo. Natumaini ombi langu litapokelewa. Chini yake palikuwa na sahihi iliyonyooka, ya mtu aliyezoea kusaini ripoti za wanafunzi.

Kijana aliisoma mara mbili. "Nimeipokea, mwalimu," akasema kwa upole. "Ila kuipokea si kukutoa. Barua haisemi unajitoa kwenye kitu gani. Mzee ana mkopo na ana ovadrafti, na wewe umedhamini vyote."

Mwalimu huyu ni wa mfano. Tumemtunga ili tumfuate hatua kwa hatua, lakini barua yake haikutungwa kutoka hewani. Barua za namna hiyo huingia matawini, hupigwa muhuri na kuwekwa kwenye jalada, na miezi kadhaa baadaye aliyeziandika hushangaa kuona bado anadaiwa. Tatizo si lugha wala heshima. Barua imebeba neno moja, kujitoa, na neno hilo lina maana tatu tofauti kisheria. Benki haina wajibu wa kumchagulia mwandishi maana anayoitaka.

Alichosaini Januari

Tuanze na karatasi yenyewe. Mwalimu anafundisha sekondari mjini Morogoro. Rafiki yake wa miaka mingi ana duka la vifaa vya ujenzi. Januari rafiki alipewa na benki vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni mkopo wa shilingi milioni 12 wa miezi 24, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Rejesho lake ni takriban shilingi 599,000 kwa mwezi. Cha pili ni ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa fedha kwenye akaunti ya biashara hata salio likiisha, isizidi milioni 5.

Mwalimu aliambiwa asaini udhamini "wa mkopo". Hati aliyosaini inasema zaidi ya hapo. Inasema anadhamini madeni yote ya mkopaji kwa benki hiyo, ya sasa na yatakayokuja, hadi kikomo cha shilingi milioni 15. Inasema pia kwamba mdhamini akitaka kusitisha udhamini atatoa notisi ya maandishi ya siku 30 kwa meneja wa tawi. Hayo yote yamo kwenye ukurasa wa tatu, ukurasa ambao siku ya kusaini hakuna aliyeufungua.

Ilipofika Oktoba rafiki alikuwa amelipa marejesho 9 bila kukosa. Salio la mkopo lilikuwa limeshuka hadi karibu milioni 8, na kwenye ovadrafti alikuwa ametumia milioni 3 na laki 2. Hakuwa mkopaji mbaya. Kilichomtia mwalimu wasiwasi ni habari kwamba rafiki ameomba milioni 6 nyingine afungue duka la pili Mikumi. Mwalimu ana watoto wawili chuoni na amebakiza miaka michache kustaafu. Hakutaka kubeba duka ambalo halijajengwa.

Piga hesabu. Madeni ya Oktoba ni milioni 11 na laki 2. Mkopo mpya ukitoka, jumla inakuwa milioni 17 na laki 2, na udhamini wa mwalimu unajaa hadi kikomo chake cha milioni 15. Kwa hiyo barua nzuri, ikifika kwa wakati, inaweza kumwokolea shilingi milioni 3 na laki 8. Haiwezi kumwokolea zile milioni 11 na laki 2. Huo ndio mpaka wa kazi ya barua, na anayeujua ataandika barua tofauti na asiyeujua.

Maana tatu za kujitoa

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa 1961 kwa kufuata kwa karibu sheria ya mikataba ya India ya 1872. Zanzibar ina sheria yake. Kwa mujibu wa sheria hii ya Bara, dhima ya mdhamini ni sawa na ya mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Ndiyo maana benki inaweza kumfuata mdhamini bila kwanza kumaliza mlango wa mkopaji, kama hati haikuweka utaratibu huo. Katika sura hiyo ya udhamini, kujitoa kunategemea udhamini umefika wapi.

Hali ya kwanza ni pale fedha hazijatoka. Umesaini, karatasi zipo kwa ofisa mikopo, lakini mkopo haujaingia kwenye akaunti ya rafiki. Hapo kwa kawaida bado unaweza kuondoa ahadi yako, kwa kuwa benki haijatoa chochote kwa kuitegemea. Barua ya hali hii ni fupi, na kila saa ina thamani. Inatakiwa ifike kabla ya fedha, na iseme wazi kwamba benki isitoe mkopo kwa kutegemea sahihi yako. Ukiipeleka asubuhi na mkopo umetoka jana jioni, umeshahamia hali ya tatu.

Hali ya pili ni udhamini endelevu, unaofunika mfululizo wa miamala. Ovadrafti ni mfano wake mkuu, kwa sababu mteja anatoa na kuweka kila siku. Kifungu cha "madeni yatakayokuja" ni mfano mwingine. Udhamini wa aina hii mdhamini anaruhusiwa kuusitisha wakati wowote kwa miamala ya baadaye, kwa kumpa mkopeshaji notisi. Haombi ruhusa, anatoa taarifa. Lakini taarifa hiyo inafunga mlango wa mbele tu, na yaliyokwisha kutolewa yanabaki mabegani mwake.

Hali ya tatu ni mkopo mmoja ambao fedha zake zimeshatoka zote. Huu hausitishwi kwa notisi. Benki ilitoa milioni 12 kwa sababu mwalimu alisaini, na huwezi kumwambia aliyekwisha kutoa kwamba sababu yake ya kutoa umeiondoa. Njia iliyobaki ni kuomba kuachiliwa. Benki inaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa sharti, na sharti la kawaida ni mdhamini mwingine mwenye kipato cha kutosha au mali ya kuweka rehani.

Mwalimu yumo kwenye hali mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo barua yake ya mistari mitatu ilipokwama. Kwa ovadrafti na mkopo mpya alihitaji kutoa notisi. Kwa milioni 8 zilizobaki alihitaji kuomba. Yeye aliandika "nimejitoa" kwa vyote. Akaipa benki nafasi ya kuisoma barua nzima kama ombi, na ombi linaweza kukaa mezani bila jibu huku mkopo mpya ukitoka.

Kabla ya kushika kalamu

Mambo mawili yanatangulia barua. La kwanza ni nakala ya hati ya udhamini. Kama huna, iombe tawini kwa maandishi, kwa sababu ni mkataba wako. Ukiisoma, tafuta sehemu nne: deni linalodhaminiwa, kikomo cha fedha, muda wa notisi, na anwani ya kupelekea notisi. Sehemu ya mwisho huwaponza wengi. Mkopo unaweza kuwa wa tawi la Morogoro, lakini hati ikasema notisi zote ziende makao makuu Dar es Salaam. Barua iliyopokelewa mahali pasipotajwa inampa mwanasheria wa benki hoja ya bure.

La pili ni kumwona rafiki, na hapa si suala la adabu peke yake. Mikataba mingi ya mikopo inasema kwamba mdhamini akisitisha udhamini, benki inaweza kumtaka mkopaji alete mwingine, kusimamisha ovadrafti, au hata kudai deni lote mara moja. Rafiki akishtukizwa, biashara inaweza kuyumba. Ikiyumba, deni la zamani litalipwa na nani? Na wewe. Mdhamini anayejitoa kwa hasira anaweza kujiletea mwenyewe janga alilokuwa analikimbia.

Mwalimu alikwenda dukani jioni, wateja wakiwa wamepungua. "Ndugu yangu," alimwambia, "ulichokwisha kuchukua sikikimbii. Ila hilo la Mikumi siliwezi." Rafiki alinyamaza, akawa anapanga misumari iliyokwisha kupangwa. Kisha akauliza anatakiwa kusaini nini. Swali hilo lilikuwa la maana, kwa sababu taarifa za akaunti ni siri ya mteja, na benki inaweza kusita kumpa mdhamini mchanganuo wa miamala. Barua fupi ya rafiki kuiruhusu benki impe mdhamini salio na taarifa za mkopo na ovadrafti huondoa kisingizio hicho. Alisaini palepale, juu ya kaunta.

Barua yenyewe

Hii ndiyo barua ya pili ya mwalimu. Nafasi zenye nukta zijazwe kutoka kwenye hati, neno kwa neno na tarakimu kwa tarakimu.

*Jina kamili kama lilivyo kwenye hati …………*
*Namba ya kitambulisho cha Taifa …………*
*S.L.P. ………, Morogoro. Simu …………*

*6 Oktoba 20……*

*Meneja wa Tawi,*
*Benki …………, Tawi la …………,*
*S.L.P. ………, Morogoro.*

*YAH: NOTISI YA KUSITISHA UDHAMINI KWA MADENI YA BAADAYE, NA OMBI LA KUACHILIWA KWA DENI LILILOPO. MKOPAJI: …………, AKAUNTI YA MKOPO NA. …………, AKAUNTI YA OVADRAFTI NA. …………*

*1. Mimi ni mdhamini wa mkopaji aliyetajwa hapo juu kwa hati ya udhamini ya tarehe ………… yenye kikomo cha shilingi 15,000,000.*

*2. Kwa kifungu cha ……… cha hati hiyo, natoa notisi ya siku 30 ya kusitisha udhamini wangu kwa mkopo, nyongeza, ovadrafti au huduma yoyote itakayotolewa kwa mkopaji baada ya notisi hii kuiva. Siku zihesabiwe tangu siku benki ilipopokea barua hii.*

*3. Ndani ya siku hizo 30 naomba benki isitoe mkopo mpya kwa mkopaji wala kuongeza kikomo cha ovadrafti kwa kutegemea udhamini wangu. Sikubaliani na nyongeza hiyo.*

*4. Naomba nipewe kwa maandishi kiasi kinachodaiwa kwenye kila akaunti kwa siku ya kupokelewa barua hii na kwa siku notisi itakapoiva, nikionyeshwa mtaji, riba na tozo kila kimoja peke yake. Barua ya ridhaa ya mkopaji nimeiambatanisha.*

*5. Fedha zitakazoingia kwenye akaunti ya ovadrafti baada ya notisi kuiva naomba zipunguze kwanza salio la siku hiyo.*

*6. Kuhusu mkopo uliokwisha kutolewa, naomba kuachiliwa udhamini. Naomba benki inieleze kwa maandishi masharti yake, pamoja na kama itampokea mdhamini mwingine badala yangu.*

*7. Udhamini wangu ukimalizika, naomba nirudishiwe hati halisi pamoja na barua ya kuniachilia, na taarifa zangu kama mdhamini zirekebishwe kwenye kumbukumbu za benki na popote benki ilipozipeleka.*

*8. Barua hii si kukiri kiasi chochote cha deni, na haiondoi haki nyingine niliyonayo kisheria. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14.*

*Sahihi, jina, tarehe.*

*Nakala: Mkopaji, mdhamini mwenza.*

Kwa nini kila aya ipo

Kichwa cha barua kinataja mambo mawili, notisi na ombi, ili aliye mapokezi ajue mara moja kuwa hili si la kuwekwa kwenye trei ya maombi. Aya ya kwanza inaifunga barua kwenye hati moja. Mtu anaweza kuwa amemdhamini rafiki huyohuyo mara mbili, miaka tofauti, na barua isiyotaja tarehe ya hati inaacha ile nyingine ikielea.

Aya ya pili ndiyo moyo wa barua. Haisemi "kuanzia leo", maana hati imetaja siku 30 na mdhamini alizikubali mwenyewe. Anayeandika "kuanzia leo" hapotezi notisi yote, lakini anafungua mabishano kuhusu siku. Siku zinahesabiwa tangu benki ilipopokea, sio tangu mwandishi aliposaini. Kwa mwalimu, barua iliyopokelewa 6 Oktoba inaiva 5 Novemba.

Aya ya tatu inaziba pengo la katikati. Ndani ya siku 30 udhamini bado uko hai, na benki ikitaka inaweza kutoa zile milioni 6 katika dirisha hilo. Hailazimiki kutii ombi. Lakini meneja aliyeandikiwa "sikubaliani" atafikiri mara mbili, maana anajua barua hiyo itasomwa mahakamani. Sheria inasema masharti kati ya benki na mkopaji yakibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaondokewa na dhima kwa miamala inayofuata badiliko hilo. Angalia hati yako, kwa sababu benki nyingi huweka kifungu ambacho mdhamini anakubali mapema mabadiliko ya namna hiyo.

Aya ya tano inaonekana ndogo, kumbe imebeba fedha. Kwenye akaunti inayoingia na kutoka kila siku, kanuni ya zamani, inayojulikana tangu kesi ya Clayton ya Uingereza ya 1816, ni kwamba pasipo maelekezo mengine fedha inayoingia hulipa deni lililotangulia. Rafiki akiuza saruji ya milioni 1 na kuiweka benki baada ya 5 Novemba, deni la mwalimu linashuka kwa milioni 1, hata rafiki akitoa tena kiasi hicho kesho yake. Benki zinaijua kanuni hii, ndiyo maana hati nyingi huziruhusu kufungua akaunti mpya notisi ikiiva, fedha mpya ziende huko na deni la zamani libaki pale pale. Kama hati yako ina kifungu hicho, ombi la aya ya tano linaweza kukataliwa. Kama haina, ombi limekuwekea kumbukumbu.

Aya ya nane inamlinda mwandishi dhidi ya ukarimu wake mwenyewe. Watu waungwana huandika "niko tayari kulipa deni lote lililobaki" ili waonekane hawakimbii. Sentensi hiyo inaweza kugeuka kukiri deni ambalo hujaliona kwa macho, likiwa na tozo na adhabu usizozijua.

Kuna pia kisichoandikwa. Sababu za kujitoa hazihitajiki. Usiandike kwamba rafiki anakunywa, kwamba biashara inakufa, au kwamba umesikia ana madeni mengine. Kwa udhamini endelevu notisi haihitaji sababu, na kwa ombi la kuachiliwa sababu hizo zinaitia benki hofu, na benki yenye hofu haimwachilii mdhamini. Isitoshe, ni maneno juu ya heshima ya mtu, yaliyowekwa kwenye jalada usiloweza kulifungua tena.

Muhuri, tarehe na jina

Barua huchapwa nakala mbili. Moja inabaki benki, nyingine inarudi nawe ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe, jina na sahihi ya aliyepokea. Muhuri usiosomeka tarehe hauna kazi. Omba tarehe iandikwe kwa kalamu pembeni yake. Ujumbe wa simu kwa ofisa mikopo si notisi, hata akijibu "sawa mwalimu". Ofisa anaweza kuhamishwa, na simu ikapotea. Kama hati imetaja makao makuu, peleka nakala nyingine huko kwa barua ya rejista au kwa mjumbe anayetoa stakabadhi, na stakabadhi uibane pamoja na nakala yako.

Baada ya hapo benki itajibu kwa moja ya njia tatu. Inaweza kukaa kimya. Inaweza kuandika "tumepokea barua yako". Au inaweza kujibu hoja kwa hoja. Kimya hakiivunji notisi ya madeni ya baadaye kama ilipelekwa sawasawa, lakini pia hakijibu ombi la kuachiliwa, kwa hiyo kumbusha kwa maandishi siku 14 zikipita. Jibu la "tumepokea" ndilo linalowadanganya wengi. Ni risiti, sio kuachiliwa. Barua ya kuachiliwa hutamka kwamba benki inamwachilia mdhamini fulani, kwa hati ya tarehe fulani, na husainiwa na mwenye mamlaka ya kuifunga benki. Kama uliweka nyumba au kiwanja rehani, hata barua hiyo haitoshi. Rehani inatakiwa ifutwe kwenye daftari la Msajili wa Hati, na hadi ifutwe, anayepekua hati yako ataiona bado imefungwa.

Benki ikikataa hata kukupa salio la deni unalodhamini, peleka lalamiko la maandishi kwanza kwenye kitengo cha malalamiko cha benki yenyewe. Ukishindwa hapo, lipeleke Benki Kuu ya Tanzania, yenye dawati la kusikiliza malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Nakala yako yenye muhuri ndiyo tiketi ya hatua zote mbili.

Mdhamini mwenza asiyetajwa

Rafiki wa mwalimu alikuwa na mdhamini wa pili, shemeji yake. Watu hudhani benki ikimwachilia mmoja, huyo ameondoka kabisa. Sheria haisemi hivyo. Benki ikimwachilia mdhamini mmoja, waliobaki wanaendelea kubanwa, na yule aliyeachiliwa bado anawajibika kwa wenzake. Tuseme shemeji analipishwa milioni 8 peke yake. Wadhamini wenza wa deni moja hugawana mzigo sawa kama hawakupatana vinginevyo, kwa hiyo anaweza kumgeukia mwalimu kwa milioni 4, hata kama mwalimu ana barua ya benki mkononi.

Ndiyo maana nakala ya barua ilikwenda kwa mdhamini mwenza. Kuachiliwa kukipatikana, yaandikwe makubaliano mafupi yenye sahihi za wote watatu: shemeji akubali kutomdai mwalimu mchango, na rafiki akiri kwamba mwalimu akilipishwa chochote, atamrudishia. Hilo la pili sheria inalitambua hata bila karatasi, kwani mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai mkopaji, na huchukua nafasi ya benki juu ya dhamana zilizowekwa. Karatasi inarahisisha tu kuthibitisha.

Tarehe 5 Novemba

Jibu la benki lilikuja siku ya 12. Lilikuwa na sehemu mbili, kama barua ilivyokuwa. Notisi imekubaliwa na itaiva 5 Novemba. Ombi la kuachiliwa kwa mkopo uliokwisha kutolewa limekataliwa, mpaka mkopaji alete mdhamini mwingine mwenye mshahara usiopungua ule wa mwalimu. Benki ilisema pia kwamba baada ya 5 Novemba ovadrafti itabaki palepale bila nyongeza, na maombi ya duka la Mikumi yatahitaji dhamana yake yenyewe.

Rafiki alimaliza rejesho la kumi mwishoni mwa Oktoba, na kwenye ovadrafti hakuongeza kitu. Karatasi ya salio ya 5 Novemba ilionyesha takriban milioni 7 na laki 5 za mkopo na milioni 3 na laki 2 za ovadrafti, yaani milioni 10 na laki 7. Mdhamini wa badala hakupatikana. Mwalimu, kwa hiyo, bado ni mdhamini, na atabaki hivyo mpaka marejesho 14 yaliyosalia yamalizike na ovadrafti irudishwe. Ila sasa deni lake lina tarehe na lina tarakimu, na kila mwezi linapungua badala ya kumsubiri lijae hadi milioni 15.

Kwenye jalada lake la bluu, juu ya vyeti vya watoto, ameweka karatasi nne: hati ya udhamini, nakala ya barua yenye muhuri wa 6 Oktoba, jibu la benki, na karatasi ya salio. Nafasi ya tano ameiacha wazi. Ni ya barua ya kumwachilia, ambayo atakwenda kuidai rejesho la mwisho likishalipwa, pamoja na hati halisi yenye sahihi yake ya Januari.